Barakoa ya kwanza apewe anayekohoa

Kituo cha afya kikiwa na barakoa chache za kugawa, zianze kwa wanaokohoa. Huo ndio msimamo wangu, na najua wengi watauona umepinduka, kwa kuwa tumezoea kuichukulia barakoa kama kinga ya aliyeivaa. Matokeo yake, mzima mwenye wasiwasi ndiye anayeinunua na kuivaa, huku mgonjwa mwenyewe ameketi katikati ya benchi na leso mkononi, uso wazi, kwa sababu hakuna aliyempa. Nitaeleza kwa nini mpangilio huo unatuangusha, kisha nieleze ni wakati gani mtu mzima naye ana sababu ya kuvaa, avae ipi na aivae vipi. Mfano wangu utakuwa kifua kikuu, kwa sababu ni ugonjwa wa hewa uliochunguzwa kwa miaka mingi na ambao bado upo kwenye foleni zetu kila siku. UVIKO-19 na mafua makali nayo husambaa kwa hewa, hivyo mengi ya hapa yanayahusu pia.

Mtu akikohoa au akiongea kwa sauti, hewa inayomtoka hubeba matone ya kila ukubwa. Makubwa huanguka chini karibu naye. Madogo hukauka papo hapo na kubaki chembe za mikroni 1 hadi 5, nyepesi kiasi cha kuelea chumbani kwa saa kadhaa hata baada ya mwenyewe kwenda zake nyumbani. Bakteria wa TB husafiri ndani ya chembe hizo. Kwa hiyo ukitaka kuzikamata kwa urahisi, zikamate mdomoni, zikiwa bado matone yenye maji, yanayotoka kwa kasi na kugonga moja kwa moja kitambaa kilicho mbele yake. Zikishatoka zimekwisha kukauka, zimekuwa ndogo na zimetapakaa. Jirani wa benchi la pili anazivuta pamoja na hewa, na hewa hiyo haipiti pale unapotaka ipite. Inapita penye upenyo, na barakoa ya buluu iliyopwaya ina upenyo pande zote mbili za mashavu na kando ya pua.

Jambo hili limepimwa. Huko Emalahleni, mji wa Afrika Kusini uliokuwa ukiitwa Witbank, watafiti walitumia wodi ya wagonjwa wa TB sugu ambayo hewa yake ilipelekwa kwa mabomba kwenye vyumba viwili vya simbilisi, wanyama ambao huambukizwa TB kwa urahisi sana. Kila chumba kilikuwa na simbilisi 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za kawaida za hospitali, na hewa ya siku hiyo ikaenda chumba cha kwanza. Siku iliyofuata hawakuvaa, na hewa ikaenda chumba cha pili. Waliendelea hivyo, siku kwa siku, kwa miezi mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kati ya simbilisi 90 waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 waliambukizwa, na kati ya 90 wa siku za barakoa, waliambukizwa 36. Wagonjwa walikuwa walewale na wodi ileile. Kilichobadilika ni kile kipande chepesi usoni mwao.

Nazitazama namba hizo kwa macho mawili. Jicho la kwanza linaona hatari imepungua karibu nusu, kwa kifaa cha bei ndogo kuliko kingine chochote tulicho nacho cha kuzuia maambukizi ya hewa. Jicho la pili linaona wale 36. Barakoa usoni pa mgonjwa haikuifanya hewa kuwa safi, iliifanya kuwa na hatari ndogo zaidi. Anayemvika mgonjwa barakoa kisha akafunga madirisha kwa kuona kazi imekwisha, hajawaelewa simbilisi hao.

Sasa tuje kwenye foleni yenyewe. Katika vituo vingi mgonjwa hupita dirisha la usajili, anapewa namba, anaketi kwenye benchi, anasubiri daktari, anapelekwa maabara, anarudi kusubiri majibu. Anayekohoa hufuata njia hiyohiyo, na anaweza kukaa saa tatu au nne kati ya mama wajawazito, watoto wachanga na watu waliokuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao TB huwapata kwa urahisi zaidi. Swali la kikohozi huulizwa na daktari, mwisho kabisa wa safari hiyo. Mimi nataka liulizwe dirishani: unakohoa? Tangu lini? Anayejibu wiki mbili au zaidi, na mwenye VVU anayekohoa hata siku moja, apewe barakoa palepale, aelekezwe kwenye benchi la nje chini ya kivuli, na kadi yake iwekwe juu ya nyingine. Hatua hii ya kadi ndiyo inayosahaulika, na kwangu ina uzito sawa na barakoa, kwa sababu dakika anazopunguziwa yeye ndizo wanazopunguziwa wote waliomzunguka.

Wengine hunipinga kwamba kumvika mgonjwa barakoa ni kumtangaza. Hoja hii ni ya kweli na inauma. Mtu akiitwa mbele ya watu na kukabidhiwa barakoa kwa mkono ulionyooshwa, wiki ijayo hatarudi, na atakohoa nyumbani mpaka aishiwe nguvu. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumwacha uso wazi. Agizo liwe la wote wanaokohoa, awe mtoto mwenye mafua au mzee mwenye pumu, na muuguzi aseme sababu kwa sauti ya kawaida: "Shikamoo mzee. Pole na kikohozi. Hapa kila anayekohoa tunampa hii, halafu tunamwahisha kwa daktari." Anayesikia kwamba ataahishwa hupokea. Na muuguzi mwenyewe awe amevaa anapozungumza, asije akaonekana anamkwepa mgonjwa. Iwapo mgonjwa anahema kwa shida na barakoa inamzidishia, asilazimishwe. Huyo aketishwe nje penye upepo, na kwa hali yake anastahili kuonwa kabla ya mwingine yeyote.

Na madirisha yafunguliwe. Mwaka 2007 watafiti waliopima vyumba vya hospitali mjini Lima, Peru, walikuta kwamba madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba hubadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuvuta hewa hukadiriwa kubadilisha mara 12. Majengo ya zamani, yale ya dari ndefu na madirisha mapana, yaliyashinda mapya. Hospitali zetu kongwe nyingi zina baraza na madirisha ya namna hiyo. Tumeyaziba kwa makabati ya mafaili na kwa mapazia mazito, kisha tukaagiza barakoa.

Basi mtu mzima avae lini? Avae anapokuwa ndani, pamejaa, hewa haitembei, na atakaa hapo kwa muda. Masharti hayo manne yakikutana, barakoa ina kazi. Yakikosekana mawili, faida yake hushuka mno. Ukiwa juu ya bodaboda, ukitembea barabarani au ukisubiri gari kituoni penye upepo, sioni sababu ya kuhangaika nayo. Ndani ya daladala la asubuhi wakati wa masika, vioo vimepandishwa kwa ajili ya mvua, watu wamesimama mpaka mlangoni na foleni haisogei, masharti yote manne yapo.

Hapo ndipo aina ya barakoa inapoanza kuleta tofauti. Ile ya buluu ilibuniwa kuzuia matone ya anayevaa, haikubuniwa kuubana uso. Ukitaka kujikinga, tafuta inayobana: N95, au ile ya kiwango cha Ulaya iitwayo FFP2, au KN95 ya kiwango cha China. Zote hizi huchuja asilimia 94 au 95 au zaidi ya chembe zilizo ngumu kuliko zote kuzinasa, zile za karibu mikroni 0.3. N95 halisi huandikwa jina la NIOSH na namba ya kibali inayoanza na TC-84A, na ina mikanda miwili ya kuzungushwa kichwani. Ukiuziwa kitu kinachoitwa N95 chenye vitanzi vya masikioni, kirudishe. KN95 kwa kawaida huwa na vitanzi, na hiyo ndiyo sababu mara nyingi haibani vizuri kama yenye mikanda. Ukikosa zote ukabaki na ya buluu, hakikisha walau ni nzima. Kata moja ya boksi kwa mkasi ukague: tabaka ziwe tatu, na ile nyeupe ya kati ndiyo inayochuja. Zipo zinazouzwa vituoni zikiwa na tabaka mbili nyepesi tu. Hizo huzuia vumbi na macho ya watu, basi.

Hapa kuna dhana moja ambayo nimeichoka: kwamba virusi ni vidogo kuliko matundu ya barakoa, hivyo vinapita tu. Dhana hii inachukulia barakoa kuwa kama chekeche la unga, na haifanyi kazi hivyo. Kwanza, virusi na bakteria havisafiri peke yake, vimo ndani ya chembe kubwa kuliko vyenyewe. Pili, tabaka la kati ni msitu wa nyuzi zilizopishana ovyo, na nyuzi hizo zimetiwa chaji ya umeme tulivu. Chembe kubwa hushindwa kukata kona na kugonga uzi. Chembe ndogo kabisa huyumbayumba huku na kule mpaka zinaugusa. Za kati, zile za mikroni 0.3, ndizo zinazosumbua, na ndiyo maana kipimo kikafanywa kwa hizo. Hewa yenyewe, pamoja na oksijeni na kaboni dayoksaidi, haina shida yoyote ya kupita. Hivyo anayesema barakoa inamrudishia hewa chafu hadi anakosa pumzi anaelezea joto na jasho, ambavyo kweli vipo, wala si upungufu wa oksijeni.

Umeme huo tulivu unaeleza pia kwa nini hupaswi kufua barakoa ya aina hii wala kuinyunyizia spiriti. Itatoka safi kwa macho na nyuzi zote zipo, lakini chaji imeondoka, na uwezo wake wa kuchuja umeporomoka bila wewe kuona dalili. Ukitaka kuitumia tena, ianike ndani ya bahasha ya karatasi kwa siku chache huku ukitumia nyingine. Mfuko wa plastiki huitunzia unyevu. Siku itakapolegea mikanda, ikachanika, ikalowa au ikawa nzito kupumulia, itupe.

Lakini hata N95 halisi haina msaada ikiwa hewa inapita pembeni, na hapa naomba msomaji anifuate kwenye hesabu ndogo. Tuseme kichujio kinanasa asilimia 95, na nusu ya hewa unayovuta inapita kandokando bila kuchujwa. Ile nusu ya pembeni inaingia yote, asilimia 50. Nusu nyingine inapita kwenye kichujio na kuacha chembe chache, kama asilimia 2.5 ya jumla. Kwa hiyo umevuta asilimia 52.5 ya chembe zilizokuwepo, ukiwa na kichujio cha asilimia 95 usoni. Ungeweka kichujio bora kuliko hicho, jibu lingebaki karibu palepale. Faida iko kwenye kuziba kingo.

Kuziba kingo hufanywa hivi. Weka barakoa usoni kidevu kikiwa ndani. Mkanda wa chini upite chini ya masikio mpaka kisogoni, wa juu ukae utosini. Anayevaa ushungi aiweke mikanda chini ya ushungi, kwa sababu ikikaa juu ya kitambaa huteleza kila anapogeuza shingo. Kisha bonyeza utepe wa pua kwa vidole vya mikono miwili, ukianzia katikati kwenda kwenye mashavu. Ukiubana kwa mkono mmoja unatengeneza mkunjo mkali katikati, na pembeni mwa mkunjo huo kunabaki vijishimo viwili. Halafu ifunike kwa viganja vyote na upumue nje kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, rudi kwenye pua. Ukiusikia mashavuni, vuta mikanda. Miwani ikipata ukungu, hewa inatoka juu, na inakotokea ndiko inakoingilia. Ndevu zilizoota pale barakoa inapogusa ngozi huacha upenyo ambao huwezi kuubana. Hapo mtu achague, anyoe sehemu hiyo au akubali kwamba kinga yake ni ndogo.

Kwa barakoa ya buluu kuna njia ya kuipunguzia kupwaya. Upande wa rangi ukae nje, utepe wa chuma juu. Ikunje mara mbili kwa urefu wake, funga fundo kila kitanzi karibu kabisa na ukingo, kisha ikunjue na kuingiza ndani ile mikunjo ya pembeni inayobaki wazi. Maabara moja ya Marekani ilijaribu hivyo mwaka 2021 kwa vichwa vya bandia vinavyokohoa: barakoa ambayo kabla ya fundo ilizuia zaidi kidogo ya nusu ya chembe, ilizuia kama robo tatu baada ya kufungwa. Ni kazi ya nusu dakika.

Turudi kwenye daladala letu la masika. Chukua safari ya dakika 60 kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, na mmoja wa abiria anakohoa. Asiyevaa kitu anavuta hewa hiyo kwa dakika 60 kamili. Tuseme barakoa inayobana vizuri inaruhusu moja ya kumi tu. Mwenye nayo ni sawa na aliyekaa dakika 6. Sasa huyo huyo aishushe kidevuni kwa dakika 15, apokee simu, abishane na konda kuhusu chenji, anywe maji. Dakika 15 hizo zinaingia zote, na 45 zilizobaki zinaleta 4.5. Jumla ni 19.5, zaidi ya mara tatu ya alichokuwa anapata. Akiishusha nusu saa, anafika dakika 33. Jirani yake mwenye barakoa inayopitisha nusu, lakini ambaye hakuigusa safari nzima, amepata 30. Kadiri barakoa yako ilivyo bora, ndivyo dakika chache za kuishusha zinavyoila faida yake. Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kupanda, shika nauli mkononi, na simu zungumza kupitia barakoa. Ukilazimika kuishusha, fanya hivyo karibu na dirisha lililo wazi au gari likiwa limesimama mlango wazi.

Bado kioo kina nguvu kuliko vyote ndani ya gari. Gari likitembea, vioo viwili vilivyoshushwa kiasi cha kiganja, kimoja mbele na kimoja nyuma upande wa pili, hubadilisha hewa ya abiria wote, waliovaa na wasiovaa. Mvua ikinyesha kidogo, ni afadhali bega lilowe.

Kuna wanaonikumbusha kwamba tafiti zimeonyesha barakoa hazisaidii. Ule ninaouona kuwa wa maana kuliko nyingi ulifanyika vijijini Bangladesh kati ya mwishoni mwa 2020 na 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wazima wapatao 340,000. Nusu ya vijiji vilipewa barakoa na kuhamasishwa. Uvaaji ulipanda kutoka kama asilimia 13 hadi 42, na waliougua UVIKO-19 kwa dalili na kuthibitishwa kwa damu walipungua kwa takriban asilimia 9. Kwa waliozidi miaka 60 katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, upungufu ulikuwa kama asilimia 35. Asilimia 9 ni ndogo, sikatai. Ila ni matokeo ya jamii ambamo zaidi ya nusu hawakuvaa hata baada ya kuhamasishwa. Utafiti wa namna hiyo unapima kampeni ya kuvaa. Ukitaka kujua kifaa kinafanya nini kikivaliwa, simbilisi wa Emalahleni wanakujibu vizuri zaidi.

Mipaka ya barakoa ni hii. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivishwe kamwe. Barakoa yenye kile kitundu cha plastiki cha kutolea pumzi imkinge mzima akitaka, lakini asipewe anayekohoa, kwa sababu pumzi yake hutoka bila kuchujwa. Na nyumbani, kwa familia inayolala chumba kimoja na mgonjwa aliyekohoa kwa miezi kabla ya kupimwa, barakoa imechelewa. Hao wanahitaji kupimwa wenyewe, watoto wadogo na wenye VVU wakitangulia, na kupewa dawa ya kuzuia TB kama inawafaa.

Mgonjwa aliyeanza dawa zinazomfaa na kuzimeza inavyotakiwa hupungua kuambukiza haraka, mara nyingi kabla hata kikohozi hakijakoma. Atakapoambiwa na kliniki yake kwamba sasa inatosha, aivue, na sisi tuache kusogea pembeni anapoketi. Hatari kubwa ya benchi ni yule ambaye bado hajui anachougua, aliyefika leo asubuhi na kikohozi cha mwezi mzima, anayesubiri kuitwa jina. Boksi la barakoa liwekwe pale anapoandikishia jina hilo.